Njia Juu ya Kovu

Saluni yangu iko mjini, mtaa wa Shanwe, chumba kimoja chenye viti viwili na kioo kirefu, na kwa miaka mingi watu wamenijua kwa kitu kimoja: njia. Mtu akitaka nywele zigawanywe upande, za juu zibaki nene na za pembeni zishuke, kisha mstari mwembamba upite katikati yake kama umepigwa kwa rula, wenzangu humwelekeza kwangu. Vijana wanaitaka kwa sababu wameiona kwenye simu. Watu wazima wanaitaka kwa sababu baba zao waliichana kwa kitana. Lakini nywele zetu zikiwa fupi hazitii kitana. Njia isiponyolewa, ikifika jioni imeshafumba.

Mteja ninayemkumbuka kuliko wote alikuja kiangazi, mchana wa jua kali, amevaa kofia ya sufu aliyoishusha mpaka kwenye nyusi. Nilimjua. Alikuwa mkulima wa kijiji cha Kabungu, Msukuma, ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Zamani hakuwa akiingia mjini bila kupita kwangu, ananyoa nywele zote sawa, anakunywa maji, anaondoka. Halafu mvua zilianza, na sikumwona tena hadi siku hiyo.

Alifuatana na mwanamume mwingine, mkubwa kwake kwa umri, mrefu, mkavu, mwenye fimbo ya kuchungia. Huyo hakutaka kiti. Alikaa kwenye benchi la mlangoni, akaiweka fimbo katikati ya magoti, akatazama barabarani.

"Leo nataka njia," mteja wangu akaniambia.

"Sijawahi kukuwekea njia wewe."

"Ndiyo maana nimesema leo."

Nikamfunga kitambaa shingoni nikasubiri avue kofia. Hakuivua. Ilibidi nimwombe, na hata hapo aliivuta polepole, huku akijitazama kwenye kioo kama mtu anayemfunulia daktari kidonda.

Kovu lilikuwa upande wa kushoto. Lilianzia nyuma kidogo ya pale nywele zinapoanzia usoni, juu ya katikati ya unyusi, likaenda kinyumenyume limenyooka kwa urefu wa kidole changu cha shahada. Halafu lilipinda. Liliteremka kuelekea sikioni na kuishia kwenye fundo la nyama lililovimba, jeusi, linalong'aa. Palikuwa pameshonwa, na aliyeshona alikuwa na haraka. Nywele hazikuota juu yake, lakini pembeni zilikuwa zimeota kwa fujo, ndefu, kwa sababu kwa miezi mingi hakuna mashine iliyopita pale.

Nilishawahi kuona makovu ya panga. Katika kazi hii vichwa vinakusimulia mengi hata mwenyewe akinyamaza. Sikumuuliza. Yeye ndiye aliyeanza.

"Niambie ukweli, fundi. Unaweza kuifanya hii ionekane ni njia?"

Nikachukua kitana, nikachana nywele za juu jinsi zinavyoota. Kila kichwa kina mahali kinapotaka kugawanyika, na ukitaka kujua, unaangalia nywele za utosini zinazunguka kwenda upande gani. Ukiweka njia kinyume na hapo, nywele zitasimama kila upande na mstari wako utaonekana umelewa. Za kwake zilikuwa zinagawanyika kushoto, karibu kabisa na lile kovu. Kwa hilo alikuwa na bahati, kama neno hilo linafaa.

"Huku mbele inawezekana," nikamwambia. "Hapa limenyooka. Nitapitisha njia ubavuni mwake, chini yake kidogo, mtu atajua ni kinyozi. Tabu ni hapa linapopinda. Nitaacha nywele za pembeni ndefu kidogo kuliko kawaida zilifunike. Macho yatadanganyika. Ila mtu akipitisha mkono, siwezi kumdanganya. Nyama imeinuka hii."

Mteja wangu akasema, "Huyo ninayemwendea hana macho. Ana mikono tu."

Ndipo akanieleza. Mama yake alikuwa ameshapofuka muda mrefu, mtoto wa jicho kwanza jicho moja, halafu la pili. Tangu hapo aliwatambua watoto wake kwa kuwashika kichwa. Ukifika nyumbani unapiga goti, anapitisha viganja kuanzia paji la uso mpaka kisogoni, anakwambia umekonda au hujalala. Tangu aumie, mteja wangu hakuwa amepiga goti mbele ya mama. Alimtumia salamu kwa watu, mara yuko pori la Ugalla anafuata mizinga ya nyuki, mara ana homa. Sasa mama alikuwa amelala kitandani, hali chakula, na alikuwa ameagiza wanawe wote wawili waje pamoja.

"Wanawe wote wawili," nikarudia, maana nilikuwa sijaelewa.

Kwenye kioo aligeuza macho tu kuelekea mlangoni, kwa yule wa kwenye benchi. Yule mkubwa alikuwa ameacha kutazama barabara. Alikuwa akitutazama sisi.

"Mimi ni kaka yake," alisema. "Ng'ombe zangu ziliingia kwenye mahindi yake."

Basi. Sikuhitaji aongeze kitu. Nilijua jinsi mambo haya yanavyokwenda huku kwetu: mahindi yamebeba, ng'ombe wamevunja uzio, maneno, halafu mtu ana kitu mkononi. Lakini mara nyingi husikia ni mfugaji na mkulima wasiojuana. Hawa walinyonya titi moja.

"Hospitali nilisema nimedondoka na pikipiki," mdogo akasema, kama ananihakikishia kwamba jambo limekwisha. "Polisi vilevile. Ukoo mzima unajua ni pikipiki."

"Na mama?"

"Mama hajui hata kama niliumia."

Nilisimama na kitana mkononi. Ningeweza kukataa. Nilifikiri kukataa, na bado sijui kama ningefanya vizuri. Lakini mtu alikuwa amekaa kwenye kiti changu, na kazi aliyoitaka ilikuwa kazi yangu.

Nikaanza na mashine kubwa. Za juu nilizipunguza kidogo tu ili zilingane. Za pembeni upande wa kulia nilizishusha ili kichwa kipate umbo, ila za kushoto nilizishusha kwa uchache, nikiacha kivuli kizito pale kovu linapopindia. Ukitazama kwa makini utaona pande mbili hazifanani. Nilijitahidi zisitofautiane mno.

Kisha njia yenyewe. Nilichana tena, nikaweka ncha ya kitana pale kwenye mgawanyiko, nikavuta kuanzia mbele kwenda nyuma mara kadhaa mpaka nywele zikaacha alama zenyewe. Hapo ndipo unapotakiwa kutulia. Mashine ndogo ya kuchongea unaigeuza, unatumia pembe ya meno yake, na huburuti. Unagusa, unainua, unagusa mbele kidogo. Mkono mwingine unavuta ngozi ikaze, maana ngozi ikilegea mstari unacheza. Na usirekebishe rekebishe. Kila ukirekebisha njia inapanuka, na njia iliyopanuka hairudi mpaka nywele ziote.

Nilianzia kwenye ukingo wa mbele. Kile kipande kifupi kabla ya kovu kilikuwa ngozi ya kawaida, kikatoka safi. Nilipofika kwenye kovu nikashuka chini yake kwa upana wa uzi, nikafuata ubavu wake. Nilihisi mashine inavyotaka kupanda juu ya ile nyama, nikawa naizuia kwa kidole gumba. Mteja alifumba macho. Si kwamba ilimuuma. Nadhani hakutaka kuona.

"Utapitisha wembe?" akauliza.

Kawaida napitisha. Mashine inaacha visiki vidogo, na wembe mpya wenye jeli ndio unaoifanya njia ing'ae. Nikamwambia hapana, si karibu na kovu kama hili. Ngozi yake ilishaonyesha kwamba ikikatwa inavimba. Wembe ukiteleza hata kidogo atarudi kwangu na kovu la pili. Nilipitisha wembe pale mbele tu, nyuma nikamalizia kwa mashine, kisha nikapangusa kwa pamba yenye spiriti.

Yule mkubwa alikuwa ameinuka bila mimi kusikia. Alisimama nyuma yangu.

"Fundi, litaonekana?"

Nikasogea pembeni aangalie mwenyewe. Aliinama, uso wake ukawa karibu na kichwa cha mdogo wake, akatazama ule mstari toka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa umenyooka. Naweza kusema bila kujisifu kwamba ilikuwa njia nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuweka. Kovu lilikuwa limegeuka ukingo wa juu wa njia, na ulihitaji kujua ndipo ulione.

"Hakionekani kitu," akamwambia mdogo wake. Sauti yake haikuwa na furaha.

"Yeye hataona," mdogo akajibu. "Atashika."

"Akishika, ataambiwa ni vipele vya wembe," nikasema mimi. Neno lilinitoka tu. Wateja wengi wanapata vipele baada ya kunyolewa, si ajabu. Wote wawili wakanitazama, na nikajua nimeshaingia.

Ndipo mkubwa aliponiomba niende nao. Mama alikuwa amelala muda mrefu, nywele zimejisokota na zinamwasha, na wanawake wa nyumbani waliogopa kumkata kwa mkasi kwa jinsi alivyodhoofika. Nilikuwa na mashine ya kuchaji. Nikafunga saluni, tukapanda pikipiki zao mbili, mimi nyuma ya yule mdogo. Alikuwa ameivaa tena ile kofia ya sufu, nikamwambia aivue, itavuruga kazi. Aliiweka mfukoni. Njia nzima ya Kabungu, kwenye vumbi lile, nilikuwa na ule mstari mbele ya macho yangu.

Mama alikuwa amelazwa kwenye chumba cha mbele, mlango wazi ili apate hewa. Mke wa mkubwa alimwinua akamwegemeza kwenye mito. Alikuwa mwepesi kama gunia tupu. Nilimsalimia, nikamwita mayu, mama kwa Kisukuma, kama nilivyosikia wao wanamwita. Nikamnyoa kwanza, kwa sababu ndilo nililoitiwa. Nywele zake zilikuwa nyeupe, laini, na zilipokuwa zikidondoka alikuwa akizishika kwenye kanga na kuzisugua kwa vidole.

"Mkono wako hautetemeki," aliniambia. "Asante, mwanangu."

Nilipomaliza akawaita wanawe.

Mkubwa alipiga goti kwanza. Mama akampitishia viganja, taratibu, paji la uso, masikio, kisogo. "Unazeeka wewe," akasema. Mkubwa akaitikia kwa heshima, akasogea pembeni lakini hakuinuka.

Kisha mdogo. Nilikuwa nakunja waya wa chaja ambao haukuhitaji kukunjwa. Viganja vilipita kwenye paji la uso, vikapanda, na kidole cha mkono wake wa kulia kikaingia kwenye njia. Kilisimama. Kikarudi mwanzo, kikaingia tena.

"Ni nini hii?"

"Njia, mayu. Fundi ameniwekea. Ndiyo mtindo."

"Baba yako alikuwa anachana njia," mama akasema. "Akienda mnadani." Akatabasamu kidogo. Kidole kikaanza kutembea. Kilikwenda na mstari vizuri, na kila kilipogusa ule ukingo ulioinuka kilipunguza mwendo.

"Vipele," mdogo akasema kabla hajaulizwa. "Wembe."

Kidole kilifika pale njia yangu inapoishia, pale nilipokuwa nimeacha nywele ndefu. Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye aliingiza kidole ndani ya nywele, akalifuata kovu lilipopinda, akateremka nalo mpaka kwenye lile fundo juu ya sikio. Akakaa hapo. Mkono mwingine ulikuwa umemshika mwanawe shavuni.

"Fundi," akasema, "hii ni kazi yako?"

"Ndiyo, mayu."

"Yote?"

Nilimtazama mdogo, akatikisa kichwa kidogo sana, ananisihi nisifichue. Nilimtazama mkubwa, alikuwa ametazama sakafu. Ningesema ndiyo. Nilikuwa nimeshaandaa mdomo. Lakini kilichotoka ni hiki: "Njia ni yangu, mayu."

Hakuniuliza tena. Alinyoosha mkono wa kushoto hewani akaita jina la mwanawe mkubwa, na mkubwa akasogea kwa magoti. Akamshika mkono, akakitafuta kidole cha shahada, akakiweka kichwani kwa mdogo wake, kwenye mwanzo wa njia. Akakivuta. Alikivuta kwenye mstari wote, kisha kwenye kile kipindo, mpaka mwisho. Mtu mzima yule, mwenye ng'ombe wengi na watoto wakubwa, alikuwa akihema kama aliyekimbia.

"Nilisikia ugomvi," mama akasema. "Mkasema waliogombana ni watu wa mbuga ya jirani. Mimi ni kipofu, si kiziwi."

Baada ya hapo alisema amechoka, akaomba alazwe. Sikumsikia akilaani wala akisamehe. Nilikuwa namngoja aseme moja kati ya hayo, na hakusema.

Walinirudisha mjini kabla jua halijazama. Aliyenirudisha ni mdogo. Tulipofika Shanwe alizima pikipiki, akakaa juu yake, akajigusa kichwani.

"Ilikuwa kazi nzuri," akasema.

"Samahani."

"Hukukosea, fundi. Yule alinizaa."

Mama alifariki kabla ya mwezi kuisha. Nilikwenda kuzika, kwa sababu nilishaona ni wajibu wangu. Watu walikuwa wengi, wa Kabungu na waliotoka mbali, wazee wa ukoo wamekaa upande mmoja kwenye viti vya kukodi. Nilijua kinachokuja na nilikuwa nakiogopa tangu niliposikia habari za msiba. Kwao, wakishazika, wafiwa wa karibu hunyolewa.

Hawakuniita mimi kunyoa. Hufanywa na mtu wa ukoo, kwa wembe, uani, mbele ya watu. Mkubwa alinyolewa kwanza. Mdogo alipoitwa alisita, na shangazi mmoja akamsukuma taratibu begani, akidhani ni uchungu wa msiba. Aliketi. Mnyoaji alianzia kulia. Nywele zikaanguka, kichwa kikawa kinang'aa, kisha akageukia kushoto na nikaona mkono wake unasimama.

Njia yangu ilikuwa imeshaanza kufumba. Zilipoondoka nywele zote haikubaki hata dalili yake. Kovu lilibaki peke yake, mwanzo hadi mwisho, kwenye kichwa cheupe, mchana, mbele ya ukoo mzima. Mnyoaji akalizunguka kwa wembe kwa uangalifu, akamaliza, akamwagia maji.

Mzee mmoja aliinuka, akasogea, akaliangalia karibu. Alikuwa mtu aliyefyeka mapori kwa panga maisha yake yote.

"Hii si pikipiki," akasema.

"Ni pikipiki, babu," mdogo akajibu.

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi nimekujibu. Pikipiki."

Nilimtazama mkubwa. Alikuwa amesimama kwenye ukuta wa jiko, kichwa chake kikiwa kipya vilevile, hakina doa. Nilidhani atasema. Midomo yake ilicheza. Mke wake alimtazama, na wanawe walimtazama, na ule muda ulirefuka mpaka ukawa mzito, kisha mzee akatema mate pembeni na kurudi kwenye kiti chake. Nilichoelewa kwenye uso wa mdogo, nakielewa hivi hadi leo: alikuwa amempa kaka yake nafasi mbele ya wote, na alikuwa amengoja, na hakuna kilichokuja.

Mavuno yalipokwisha mkubwa alihamisha ng'ombe zake zote kuelekea upande wa Ugalla, akahama na mke na watoto. Alisema malisho ya Kabungu yamekwisha. Hakumuaga mdogo wake. Niliambiwa na watu wa huko kwamba hata arobaini ya mama ilifanywa bila yeye.

Mdogo bado anakuja kwangu. Anaingia bila kofia. Nywele anataka zipunguzwe zote sawa, fupi, na watoto wa mtaani wakiulizana kuhusu lile kovu huwaacha waulizane. Mara moja tu nilimuuliza kama angependa njia. Nilikuwa na kitana mkononi, na nywele zake zilikuwa zimegawanyika zenyewe pale pale kushoto.

"Niwekewe kwa ajili ya nani sasa?" akasema.

Nikawasha mashine kubwa, nikazipunguza zote sawa.